Bili ya reti imefika: hakikisha ni yako na hesabu ni sawa kabla ya kulipa

Mwanzo wa mwaka ukifika, wateja wetu wengi wa Likoni, Kisauni na Changamwe hutuuliza swali moja: "Nimeletewa bili ya ploti, mbona ni kubwa hivi?" Kutuma pesa kwa simu ni jambo la dakika moja. Kujua kama kiasi ulichoandikiwa ni sawa ndiyo kazi yenyewe, na ukishalipa kimakosa, kurudishiwa pesa si rahisi. Basi leo tukae na bili hiyo na tuisome mstari kwa mstari.

Kwanza, unadaiwa nini na nani?

Watu wengi husema "kodi ya ardhi" wakimaanisha vitu tofauti. Kwa mwenye nyumba wa Mombasa bara, kuna malipo matatu yanayochanganywa kila siku.

La kwanza ni reti. Hii ni kodi ya kaunti. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 209, imezipa kaunti mamlaka ya kutoza kodi ya mali, kwa hivyo reti ya ploti yako inaenda kwa Kaunti ya Mombasa. Inatozwa kila mwaka, na haijali kama hati yako ni ya kudumu au ya kukodishwa.

La pili ni kodi ya ardhi ya serikali. Hii inaenda kwa Wizara ya Ardhi, Nairobi, wala haihusu kaunti. Inalipwa na yule tu ambaye ardhi yake amekodishwa na serikali kwa miaka fulani, kwa mfano 99. Kama hati yako ni ya umiliki wa kudumu, hudaiwi kodi hii.

La tatu ni kodi ya kiwanja kwa mtu binafsi. Hapa ndipo Pwani yetu inatofautiana na sehemu nyingine za nchi. Sheria ya Hati za Ardhi ya 1908 iliwapa watu wa ukanda wa Pwani nafasi ya kudai mashamba yao na kuandikiwa hati. Waliopata hati walipata umiliki wa kudumu, na wengi wao baadaye waliwaruhusu watu wajenge juu ya mashamba hayo kwa kulipa kodi kidogo. Ndiyo maana hadi leo mtu anaweza kuwa na nyumba yake kamili, ameijenga kwa jasho lake, lakini ardhi iliyo chini ya nyumba ni ya familia nyingine. Hii ndiyo tunaita nyumba bila ardhi.

Kama wewe ni wa kundi hili la tatu, unamlipa mwenye shamba, naye ndiye anayeandikwa kwenye daftari la reti. Usikubali kuletewa "bili ya kodi ya serikali" kwa jina lako. Huna mkataba na serikali, kwa hivyo hakuna kodi ya namna hiyo unayodaiwa. Na ukiamua kumsaidia mwenye shamba kulipa reti ili mambo yasiharibike, weka risiti, andikianeni, na mkubaliane kama kiasi hicho kitakatwa kwenye kodi yako ya kiwanja. Kulipa reti peke yake hakukufanyi kuwa mwenye ardhi, hata ukilipa miaka kumi.

Wako pia waliopewa hati katika mipango ya serikali ya makazi, kama wale wa shamba la Waitiki kule Likoni, ambao walianza kukabidhiwa hati Januari 2016. Pesa wanayotakiwa kulipa mtu aliyegawiwa ardhi ya mpango kama huo ni bei ya ardhi yenyewe. Hiyo si reti wala si kodi ya ardhi, na haifai kuonekana kwenye bili ya kaunti.

Ukitaka kujua uko kundi gani, soma hati yako au fanya upekuzi rasmi katika masjala ya ardhi. Matokeo yataonyesha neno Freehold, yaani umiliki wa kudumu, au Leasehold, yaani ardhi ya kukodishwa. Neno hilo moja ndilo linaloamua kama utapata bili moja kila mwaka au mbili.

Nambari ya ploti: hapa ndipo makosa mengi huanzia

Reti hufuata ploti, haifuati mtu. Mfumo wa kaunti hauangalii sura yako wala simu uliyotumia, unaangalia nambari. Kwa hivyo kabla hujatazama shilingi, tazama nambari.

Ploti za Mombasa bara kwa kawaida huandikwa hivi:

```
MN/VI/nambari
MS/I/nambari
```

MN ni bara ya kaskazini, MS ni bara ya kusini, na MI ni kisiwani. Alama ya katikati ni sehemu, nayo huandikwa kwa tarakimu za Kirumi. Changamwe iko MN, sehemu ya VI. Likoni iko MS, sehemu ya I. Mwisho ndiyo nambari ya ploti yenyewe.

Sasa angalia hatari yake. VI na IV zinatofautishwa na mpangilio wa herufi mbili tu. I na II zinatofautishwa na kijistari kimoja. MN na MS zinatofautiana herufi moja, na nambari ya mwisho inaweza kuwa ileile pande zote mbili za bahari. Ukikosea hapo, pesa zako zinaingia vizuri kabisa, risiti inatoka, ujumbe unafika kwenye simu, lakini umemlipia mtu mwingine. Ploti yako inabaki na deni na riba inaendelea kuhesabiwa kimyakimya.

Kosa la pili la nambari linatokana na kugawa ploti. Shamba kubwa likigawanywa, kila kipande hupewa nambari mpya, lakini daftari la kaunti linaweza kubaki na nambari ya shamba mama kwa muda mrefu. Ukinunua kipande na ukaenda kuuliza bili kwa nambari mpya, unaambiwa haipo, au unaonyeshwa deni la shamba zima. Usilipe deni la shamba zima kwa sababu eti ndilo lililoonekana. Peleka nakala ya hati yako mpya na ramani ya mgawanyo katika ofisi ya kaunti inayoshughulikia uthamini wa ardhi, na uombe kipande chako kifunguliwe akaunti yake.

Jina nalo? Ukikuta bili ina jina la marehemu baba au la aliyekuuzia, hilo peke yake halifanyi bili kuwa si sahihi. Ukilipa kwa nambari iliyo sawa, ploti inahesabiwa imelipiwa. Lakini jina litabadilika tu baada ya mirathi kukamilika mahakamani, iwe kwa Kadhi au mahakama nyingine, na umiliki kuhamishwa kwenye masjala ya ardhi. Kulipa kwa simu yako hakubadilishi jina.

Hesabu ya reti

Reti ya mwaka inatokana na vitu viwili tu:

```
reti ya mwaka = thamani ya ploti x kiwango cha mwaka
```

Thamani inatoka kwenye daftari la uthamini la kaunti. Kiwango ni asilimia iliyopitishwa na kaunti kwa mwaka huo. Vyote viwili ni vya umma, na una haki ya kuulizia.

Kitu ambacho wengi hawajui ni kwamba desturi ya miji yetu Kenya imekuwa kuthamini kiwanja kitupu, bila kuhesabu jengo lililo juu yake. Ndiyo maana thamani iliyoko kwenye daftari inaweza kuwa ndogo sana ukilinganisha na bei ya sokoni. Usishtuke na usiende kulalamika kwamba thamani ni ndogo! Chini ya mfumo huo, kuongeza ghorofa au kupaka rangi hakupandishi reti. Kwa hivyo kiasi cha mwaka kikiruka ghafla, sababu lazima iwe mojawapo ya hizi: daftari jipya la uthamini limeanza kutumika, kiwango cha mwaka kimebadilishwa, matumizi ya ploti yamebadilishwa, kwa mfano kutoka makazi hadi biashara, au kuna kosa. Mwulize afisa ni ipi kati ya hizo. Jibu la "mfumo ndivyo unavyosema" halitoshi.

Mfano wa bili, hatua kwa hatua

Tumchukulie mama mmoja mwenye nyumba Changamwe. Namba tutakazotumia ni za mfano tu, ili uone njia ya kuhesabu. Viwango halisi utavipata kwenye bili yako na kwenye Sheria ya Fedha ya kaunti ya mwaka husika.

Ploti yake ina thamani ya KSh 480,000 kwenye daftari. Tuseme kiwango ni asilimia 1.5, na riba ya kuchelewa ni asilimia 2 kwa mwezi baada ya tarehe 31 Machi. Januari 2026 anapata bili hii:

- Reti ya 2026: KSh 7,200
- Malimbikizo: KSh 14,400
- Riba: KSh 4,320
- Jumla: KSh 25,920

Hatua ya kwanza ni reti ya mwaka. 480,000 mara asilimia 1.5 ni 7,200. Mstari huo uko sawa.

Hatua ya pili ni malimbikizo. 14,400 ni reti ya miaka miwili ya 7,200. Ni miaka gani? Bili inataja jumla tu. Mama anaomba taarifa ya akaunti, yaani ile karatasi inayoonyesha kila mwaka uliotozwa na kila malipo yaliyoingia. Taarifa inaonyesha hajalipa 2024 na 2025. Ya 2025 anakubali, ule mwaka mambo yalikuwa magumu. Lakini ya 2024 anakumbuka alilipa.

Hatua ya tatu ni ushahidi. Anatafuta ujumbe wa malipo kwenye simu. Umeshafutwa, basi anaomba taarifa ya akaunti yake ya pesa za simu ya miezi ile na kuupata muamala: tarehe, kiasi cha 7,200, msimbo wa muamala, na nambari ya akaunti aliyoandika. Hapo ndipo jambo linajitokeza. Aliandika MN/IV badala ya MN/VI. Pesa zilifika kaunti, lakini zilikaa kwenye ploti nyingine.

Hatua ya nne ni riba. Kwa mwezi mmoja, asilimia 2 ya 7,200 ni 144. Deni la 2024 lilihesabiwa kuanzia Aprili 2024 hadi Desemba 2025, miezi 21, kwa hivyo 144 mara 21 ni 3,024. Deni la 2025 ni Aprili hadi Desemba 2025, miezi 9, yaani 1,296. Ukijumlisha unapata 4,320, sawasawa na bili. Kwa hiyo kaunti haikukosea hesabu. Kilichokosewa ni mahali pesa zilipokwenda.

Angalia pia kitu kimoja hapa. Kama kwa deni la 2024 peke yake angekuta riba ya karibu 3,713 badala ya 3,024, maana yake riba imetozwa juu ya riba kila mwezi. Ukiona tofauti ya namna hiyo kwenye bili yako, uliza riba inahesabiwa kwa kifungu kipi cha sheria na uombe hesabu hiyo kwa maandishi.

Sasa deni lake la kweli ni lipi? Reti ya 2026 ni 7,200, reti ya 2025 ni 7,200, na riba ya 2025 ni 1,296. Jumla ni KSh 15,696. Tofauti na bili aliyoletewa ni KSh 10,224. Hizo ndizo angepoteza kama angelipa kwanza halafu aulize baadaye.

Anachofanya ni kuandika barua fupi kwa ofisi ya mapato ya kaunti akiomba malipo yale yahamishwe kwenye ploti yake na riba iliyotokana nayo iondolewe. Anaambatisha taarifa ya muamala, nakala ya hati na bili yenyewe. Anahakikisha nakala yake ya barua imepigwa muhuri wa kupokelewa, wenye tarehe. Na wakati akingoja, analipa kile ambacho hana ubishi nacho, ili riba isiendelee kukua juu ya deni la kweli. Kabla ya kulipa anauliza malipo hayo yataingizwa kwenye mwaka gani, kwa sababu mara nyingi mfumo huyaelekeza kwanza kwenye deni la zamani zaidi, nalo ndilo lenye ubishi.

Kaunti wakati mwingine hutangaza msamaha wa riba kwa wanaolipa kabla ya tarehe fulani. Kwa kawaida msamaha huo hugusa riba, reti yenyewe hubaki palepale. Ukisikia tangazo, omba bili mpya inayoonyesha riba imeshatolewa, ndipo ulipe. Ukilipa kwa bili ya zamani, utajikuta unadai pesa ulizokwisha kutoa.

Kodi ya ardhi ya serikali: linganisha na hati yako

Kwa wenye ardhi ya kukodishwa, hesabu hii ni nyepesi zaidi. Kodi ya mwaka imeandikwa ndani ya hati au mkataba wenyewe, pamoja na idadi ya miaka na tarehe ilipoanza. Inadaiwa kila mwanzo wa Januari. Kwa hivyo chukua hati, chukua bili, weka pamoja.

Tuseme hati inasema KSh 600 kwa mwaka na hujalipa miaka minne. Kodi yenyewe ni 2,400, na kinachozidi hapo kinatakiwa kiwe adhabu ya kuchelewa, iliyoandikwa kando. Kama bili inasema kodi ya mwaka ni 6,000, basi kodi imepandishwa au kuna kosa. Serikali inaweza kurekebisha kodi, hasa ploti inapogawanywa, matumizi yanapobadilishwa au muda unapoongezwa. Lakini marekebisho huacha alama: barua, ilani au hati mpya. Omba kuonyeshwa.

Ukiwa na hati mkononi, hesabu pia miaka iliyobaki. Ardhi iliyokodishwa kwa miaka 99 kuanzia 1 Januari 1940 itafikia mwisho wake na mwaka 2038. Hilo halimo kwenye bili, lakini ni bora ulijue mapema kuliko kuambiwa siku ya kuuza au kurithisha.

Ukishathibitisha, lipa hivi

Kodi ya ardhi ya serikali hulipwa kupitia eCitizen. Mfumo unakupa nambari ya bili, nayo ndiyo unayoandika kama nambari ya akaunti ukilipa kwa nambari ya biashara ya serikali:

```
222222
```

Kwa reti, tumia nambari ya biashara iliyochapishwa kwenye bili ya kaunti au inayoonyeshwa kwenye mfumo wa kaunti, na akaunti kama ilivyoandikwa hapo, pamoja na mistari ya kukata. Usiandike kutoka kichwani, na usinakili kutoka kwa ujumbe wa jirani. Kwenye menyu ya Lipa Bili, soma jina la mpokeaji kabla ya kuweka namba ya siri. Reti hailipwi kwa nambari ya simu ya mtu, hata akiwa amevaa kitambulisho cha kazi na anakuambia atakupunguzia riba.

Deni likiwa kubwa, kumbuka kuwa M-Pesa haipitishi zaidi ya KSh 250,000 kwa muamala mmoja. Gawa malipo, na kila muamala uwe na nambari ileile ya akaunti.

Ukikosea nambari ya akaunti, piga simu huduma kwa wateja siku hiyohiyo. Pesa zikishaingia kwa taasisi, sisi hatuwezi kuzivuta bila idhini ya aliyepokea, kwa hivyo iarifu kaunti au wizara pia. Baada ya siku chache, omba tena taarifa ya akaunti ya ploti. Ujumbe kwenye simu unathibitisha kwamba pesa zimetoka kwako. Taarifa ya kaunti ndiyo inayothibitisha kwamba zimefika kwenye ploti yako, na hiyo ndiyo karatasi ya kuchapisha na kuweka pamoja na hati.